Wawili wa Jina Moja

Ujumbe wa kwanza wa mhariri niliusikiliza nikiwa nimesimama sokoni, simu nimeibana sikioni kwa bega, mikono yote miwili imeshika samaki. Alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye sauti ya upole ya watu waliozoea kuleta habari mbaya. Alisema ameusoma mswada wangu, ameupenda, na kwamba alipofika katikati alilazimika kuuweka chini. "Mama, kuna mtu amekufa hapa na kila mtu analia," alisema, "lakini mimi sijui ni nani aliyekufa."

Nilikasirika hadi nikasahau kudai chenji.

Kitabu hicho nilikuwa nimekiandika kwa miaka mingi, jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, kwenye kompyuta ambayo betri yake ilikuwa inakufa kabla sijamaliza ukurasa. Kilikuwa hadithi ya vizazi vinne vya familia moja, kuanzia pwani ya Moba wakati mapadri hawajazoeleka, hadi Kalemie ya leo, na wakimbizi wanaolala kambi ya Katanika chini ya mahema. Na kilikuwa na jambo moja nililojivunia kuliko yote: majina yake yalirithiwa kama yanavyorithiwa kwetu. Bibi anampa mjukuu. Babu anampa mjukuu. Kizazi kimoja kinarukwa, jina linatua kwenye kinachofuata. Nilitaka msomaji alisikie jina la mama wa kwanza likirudi kwa msichana aliyezaliwa miaka mingi baadaye, ajue kwamba damu ni ile ile.

Nilimjibu mhariri kwa ukali. Nilimwambia kwamba kwenye ukoo wetu kuna watu watatu wa jina moja na hakuna hata siku moja aliyepelekewa chakula cha mwenzake. Alinisubiri nimalize, halafu akaniambia kitu ambacho kilinichoma kwa sababu kilikuwa kweli. Kwenu, alisema, mnaona sura zao. Mimi nina herufi tu. Akaongeza kwamba kitabu kina nafasi kwenye mashine ya kuchapa mwishoni mwa msimu, na kisipokuwa tayari nafasi itakwenda kwa mwandishi mwingine.

Nilirudi nyumbani nikafungua mswada katikati, nikajilazimisha kusoma kama mgeni. Kabwe alikuwa amegombana na Kabulo. Kasongo akaingilia kati. Kayumba akaenda kumwita Kalenga. Mimi mwenyewe, niliyewazaa wote hao, nilirudi juu ya ukurasa kutazama Kabulo ni nani. Huko kwetu ukitupa jiwe hovyo litampata mtu ambaye jina lake linaanza na Ka, na masikio yetu yamezoea kusubiri kinachofuata. Jicho halisubiri. Linashika herufi ya kwanza na urefu wa neno, basi, linasonga mbele. Kabwe na Kabulo kwa jicho ni mtu mmoja aliyevaa shati tofauti.

Basi nilianza kufanya kazi. Nilibandika karatasi ya kufungia nguo ukutani, nikaandika herufi za kwanza tu za kila mhusika, bila majina. K, K, K, K, K, M, M, K. Mume wangu alipita akauliza kama nimeanza kufundisha chekechea.

Sheria ya kwanza niliyojiwekea ilikuwa kwamba jina linalorudi ndilo peke yake lenye ruhusa ya kufanana na jingine. Mengine yote yakae mbali: herufi ya mwanzo tofauti, urefu tofauti, na mwisho tofauti, maana majina matatu yanayoishia na -nga kwenye meza moja yanachosha hata yakianza vingine. Kabwe nilimwacha, kwa kuwa ni jina la babu na la mjukuu wake. Kalenga, Kabulo, Kasongo na Kayumba ilibidi waondoke. Sheria ya pili niliipata kwenye historia yenyewe. Kizazi cha kwanza hakikujua ubatizo, kwa hiyo kilibaki na majina ya nyumbani peke yake. Cha pili kilisomeshwa misheni, nikakipa Melania na Bonifasi. Cha tatu kilizaliwa wakati wa Zaire, majina ya wazungu yamepigwa marufuku, kikawa Ilunga na Numbi. Cha nne ni hawa wa leo, akina Gloire na Merveille. Msomaji akiliona jina, kabla hajakumbuka mtu, tayari anajua yuko enzi gani. Na wale wanaopita mara moja tu, fundi wa boti, muuza chumvi, karani wa bandarini, niliwanyang'anya majina kabisa. Kila jina unalompa msomaji ni mzigo unaomtwika, na hakuna haja ya kumtwika chumvi ya mtu asiyerudi.

Kompyuta nayo ilinitia adabu. Niliiamuru ibadilishe kila Kasongo kuwa Ilunga, ikatii kwa bidii, na kesho yake nikakuta wafanyabiashara wa sura ya pili wanasafiri siku nyingi kwenda mji wa Ilunga, maana Kasongo ni mji pia. Baada ya hapo nilibadilisha kwa mkono, moja baada ya jingine, nikifunika kila jina kwa kidole kuona kama sentensi peke yake inaniambia anayesema ni nani. Pale iliposhindwa, kosa halikuwa la jina. Nilikuwa nimeandika mtu asiye na chochote chake isipokuwa jina.

Wakabaki wenye majina ya kurithi. Kwa Kabwe, nilikopa adabu yetu. Mke hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe wake, hata likibebwa na mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe. Kwa hiyo mama yake anamwita mwanawe Papa Mudogo, na kitabu nacho kinamwita hivyo kila tunapokuwa nyumbani kwao. Kabwe mtupu ni babu, siku zote, hata akiwa kaburini. Mjukuu anakuwa Kabwe shuleni tu, mbele ya mwalimu, na pale kuna mwalimu wa kutuongoza. Mhariri aliposoma sura hizo alituma ujumbe mfupi kwamba sasa anawaona wote wawili. Nililala vizuri siku hiyo.

Upande wa wanawake ulikuwa mgumu zaidi, maana jina la mama wa kwanza wa kitabu nililichukua nyumbani. Ni jina la bibi yangu mzaa baba. Ndilo langu pia. Sitaliandika hapa, na mtanielewa mbeleni. Kitabuni alilibeba mwanamke wa kizazi cha kwanza, na mjukuu wake wa kizazi cha tatu akalirithi bibi angali hai. Walikaa nyumba moja. Na hapo palinishinda. Kila nilipowaweka wote wawili jikoni niligeuka kuwa askari wa barabarani: bibi akasema, mjukuu akajibu, yule mkubwa akainuka, yule mdogo akaketi. Niliandika hivyo kurasa nyingi, nikazifuta. Mwishowe nilipata njia rahisi. Msichana alipanda boti na mama yake kwenda Moba, upepo ukabadilika, akazama. Akabaki mwenye jina mmoja. Sura zilizofuata zilitiririka zenyewe, na mhariri alisema hilo ndilo jina pekee katika kitabu kizima ambalo halijampoteza hata mara moja. "Hilo usiliguse," aliniambia.

Wakati huo ndipo shangazi yangu alipokuja kutoka Moba kutibiwa mtoto wa jicho. Ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Toka nipate akili ameniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, na mimi nimeishi nikitumwa dukani na mtu anayeniita mzazi. Alipangiwa kusubiri zamu yake ya upasuaji, na kwa kuwa hakuona vizuri na redio ilimchosha, nilianza kumsomea mswada kila alasiri tukiwa barazani. Alikuwa msikilizaji mzuri mno. Alicheka mahali nilipotaka kicheko. Alimtukana Bonifasi kwa jina lake. Nilipotamka jina la bibi kwa mara ya kwanza aliinamisha kichwa kidogo, nikadhani ni furaha.

Kisha nikafika kwenye boti.

Sikumaliza ukurasa. Shangazi aliinuka, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akaingia ndani. Jioni nilimpelekea ugali na samaki, akasema ameshiba. Asubuhi nilimkuta amefunga kitenge chake na vitu vyake, ameketi juu ya kitanda kama mtu anayesubiri kuitwa. Alisema anarudi Moba. Nilimuuliza na macho je. Alisema macho amekwisha kuyatumia vya kutosha. Nilimwomba aniambie nimekosa nini, akasema maneno machache tu.

"Utoe ile jina mu kitabu yako. Ukiacha, mimi sitakula tena kwako, na usinifuate Moba."

Nilikwenda kazini nikafundisha bila kujua ninachofundisha. Nilikuwa na hasira, nakiri. Miaka yote ile niliyoandika nikisinzia, na sasa mwanamke ambaye hakuwahi kuniuliza naandika nini ananiambia niung'oe uti wa mgongo. Lakini pia nilikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira, maana shangazi ni mtu wa neno moja. Kuna mdogo wake mmoja aliyekosana naye kabla mimi sijazaliwa, na hawajasalimiana hadi leo. Nilijiona nikibaki na kitabu mkononi na hakuna mtu duniani wa kuniita Mama kwa jinsi ile.

Nilimwandikia mhariri kwamba nitabadilisha jina la mwanamke wa kwanza. Alinipigia simu badala ya kuandika. Upole ulikuwa umempungua. Alisema nimetengeneza kila kitu kilichokuwa kibovu na sasa nataka kuvunja kilicho kizima, tena wakati mashine inasubiri. Nilimwambia ni mambo ya familia. Alisema kitabu kizima ni mambo ya familia.

Nilikaa nikatafuta jina jingine. Lilipaswa kuanza na herufi ambayo hakuna mwingine anayo. Lilipaswa kuwa fupi, maana litarudiwa mara nyingi, na litoke vizuri mdomoni mwa mtu anayeita kwa nguvu kutoka ufukweni. Lilipaswa kuwa jina ambalo mwanamke wa pwani yetu angeweza kuwa nalo zamani zile, na ambalo mjukuu wake asingeona haya kulijibu. Nikapata Feza. Familia za wafanyabiashara wa ziwani zimelitumia tangu zamani, na leo bado utalisikia sokoni. Kwa mjukuu nilijaribu ubatizo wa Yosefina, afupishwe kuwa Zefa, nikajipongeza kwa ujanja. Kesho yake nilipofungua ukurasa, Feza na Zefa walikuwa wameshikana mikono wanazunguka, sikujua yupi ni yupi. Nikafuta Zefa, mjukuu akabaki Feza kama bibi yake. Nikabadilisha jina la bibi kila mahali, kwa mkono, na kila nilipolifuta niliona kama naliondoa jina langu mwenyewe kwenye mlango wa nyumba.

Boti ya Moba ilikuwa imechelewa siku kadhaa, hiyo ndiyo bahati yangu. Nilimkuta shangazi barazani kwa jirani, nikamwomba asikilize mara moja tu. Nikamsomea ukurasa ule, Feza mahali pa jina letu. Alisikiliza hadi mwisho safari hii, hadi maji yalipotulia na boti ikarudi na watu pungufu. Nilisubiri aseme kwamba sasa ni sawa. Aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata mhariri.

"Ile mutoto alikufa juu ya nini?"

Aliuliza sababu, nikasema upepo ulibadilika. Alitikisa kichwa. Hakuuliza habari za upepo, alisema, pepo za ziwa anazijua yeye. Aliuliza mimi, niliyeandika, kwa nini nilimuua. Ningeweza kusema maneno ya walimu, kwamba maisha ndivyo yalivyo. Lakini sijawahi kumdanganya akiwa amenikazia macho, na yale macho yenye ukungu yalikuwa yamenikazia. Nikamwambia ukweli. Walikuwa wawili wa jina moja katika nyumba moja. Msomaji angewachanganya. Nilihitaji abaki mmoja.

Shangazi aligeuza uso upande wa ziwa.

"Na kwetu walikuwa wawili mu nyumba," alisema.

Alinieleza bila kulia, kwa sauti ile ile anayosimulia nayo bei za dagaa. Kabla yangu alikuwa na binti yake, wa kwanza na wa mwisho. Alimpa jina la mama yake, na mama yake akiwa bado mzima, anakaa nao nyumba moja. Wakubwa wa ukoo hawakupenda. Walisema jina moja haliwezi kulala chini ya bati moja na watu wawili, mmoja atamsukuma mwenzake. Yeye alikuwa kijana na mwenye kichwa kigumu, akacheka. Mtoto alikuwa anajua kuogelea. Walimpata ufukweni upande wa kusini. Na kilioni, kabla hata ya kumzika, watu walisema mbele yake: tulikuambia. Yule mdogo wake asiyesalimiana naye ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Miaka ikapita nikazaliwa mimi, na nikalia. Nilikataa ziwa la mama, nikalia hadi sauti ikakauka, na kwetu mtoto akilia vile wanajua anadai jina. Waliitwa wakubwa wamtajie majina ya marehemu, moja moja, hadi anyamaze. Shangazi ndiye aliyenishika. Alitaja ya upande wa baba, ya upande wa mama, ya watu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Bibi alikuwa amekwisha kufa wakati huo, na jina lake shangazi alilificha hadi mwisho, akiomba ninyamaze kabla hajalifikia. Sikunyamaza. Akalitaja, nikanyonya. Tangu siku hiyo hajalitamka tena. Mimi nilidhani ananiita Mama kwa heshima tu. Alikuwa anaogopa.

"Miaka yote nasema walidanganya," alisema. "Mutoto alikufa juu ya maji, hapana juu ya jina. Sasa mutoto nililea mwenyewe anaandika mu kitabu kama walisema kweli."

Nilimshika mikono. Nililia mimi kwa niaba ya wote wawili, kwa kifupi na bila adabu. Kisha nikamwambia asipande boti, anipe muda mfupi tu, akasema boti yenyewe haipo, atakwenda wapi.

Nilirudi kwenye karatasi ya ukutani nikiwa na woga wa kweli, kwa sababu sasa nilijua ninachotakiwa kufanya na nilikuwa nimekwisha kushindwa kukifanya. Wawili wa jina moja, nyumba moja, wote hai, miaka mingi, na msomaji asipotee. Niliacha kuuliza wanaitwa nani. Nikauliza nani anamwita nani, na kutoka wapi. Bibi ni Feza kwa sauti ya mwandishi na kwa wazee wenzake. Mjukuu kwa bibi yake ni Majina, kama tunavyoitana sisi wenye jina moja. Kwa baba yake ni Mama. Kwa watoto wa mtaa ni Fefe. Kwa hiyo anayesema anatosha kumtambulisha anayesemwa. Nikisikia "Majina" najua anayefungua mdomo ni bibi na anayegeuka ni msichana, sihitaji kusema yule mkubwa, yule mdogo. Nikawapa pia kazi zisizofanana. Bibi hagusi maji, anakaa na samaki wakavu. Msichana siku zote kalowa. Nikifunika majina yote kwa kidole bado nawajua.

Sura ya boti niliiandika mwisho. Upepo unabadilika kama mwanzo, watu wanashikana, mama mmoja anatupa mzigo wake majini. Boti inarudi salama. Ufukweni wanahesabu watu, na mama wa msichana, mkwe wa bibi, kwa hofu anasahau adabu ya maisha yake yote, analitamka jina kwa sauti. Anaita Feza. Bibi aliyekuwa akingoja kwenye mchanga anaitika, na kutoka ndani ya boti msichana anaitika.

Shangazi aliisikiliza akiwa na kitambaa juu ya jicho, maana zamu yake ilikuwa imefika na jicho moja lilikuwa limekwisha kupasuliwa. Sikumtazama nilipokuwa nasoma. Nilipomaliza aliniambia nisome tena pale mwisho, nikasoma. Akasema tena. Nilisoma hadi jirani akachungulia kuona tunafanya nini.

Nilituma mswada mwisho wa msimu, mashine ikiwa karibu kuwashwa. Mhariri alisoma haraka na kunipigia. Alisema amewafuata wote, Feza na Fefe, jikoni, sokoni, kanisani, hajapotea hata mara moja. Isipokuwa ukurasa mmoja, wa boti. Jina linaitwa mara moja na sauti mbili zinaitika pamoja, na pale, alisema, haiwezekani kujua aliyeitwa hasa ni yupi. Alipendekeza niongeze neno moja tu.

Nilimwambia hapana. Hapo aliitwa kila mmoja wao, na wote wawili walikuwepo.